Mrejesho hasi kwenye amplifaya: kuuza ukuzaji na kununua masafa, uthabiti na sauti safi

Fungua miksa yoyote ya bei ya kawaida na kuna uwezekano mkubwa utakuta humo TL072, opampu ya miguu minane yenye amplifaya mbili ndani. Bila kuwekewa mrejesho, kila moja ya amplifaya hizo hukuza mara 200,000 hivi. Hakuna anayehitaji ukuzaji wote huo. Maikrofoni inahitaji mara mia kadhaa, hedifoni mara chache tu. Swali la mwongozo huu ni ukuzaji unaobaki unakwenda wapi. Jibu lake ni kwamba hautupwi, unatumika kama fedha. Tutajenga sakiti moja kwenye bredibodi, tubadilishe rezista chache, na kila tukibadilisha tutapima tumelipa nini na tumepata nini.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye simu za masafa marefu. Harold Black alikuwa mhandisi wa Bell Labs, na kilichomsumbua ni kwamba simu ya kuvuka bara ilipita kwenye amplifaya nyingi zilizofuatana, na kila moja iliongeza upotoshaji wake juu ya ule wa iliyotangulia. Mwaka 1927, akiwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini, alichora juu ya ukurasa wa gazeti mchoro wa amplifaya inayochukua sehemu ya sauti inayotoka na kuirudisha mwanzoni ikiwa kinyume. Aliomba hataza mwaka 1928 na akaipata mwaka 1937. Kulichelewa kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba watu waliona ni upuuzi: umehangaika kupata ukuzaji, halafu uupunguze kwa mikono yako mwenyewe?

Vifaa

Utahitaji TL072 moja, betri mbili za volti 9, transista BC337 na BC327, diodi mbili za 1N4148, kapasita mbili za mikrofaradi 100, mbili za nanofaradi 100, moja ya nanofaradi 1 na moja ya nanofaradi 10. Rezista ni za omu 10, omu 100, kilo 1, kilo 3.3, kilo 4.7, kilo 10 na kilo 100, mbilimbili kwa kila aina (hapa "kilo" ni kiloomu, kama tunavyosema dukani). Chanzo cha mawimbi kitakuwa simu yenye programu ya kutoa toni. Oskiloskopu inahitajika, na kwa hatua ya mwisho iwe ya megahezi 20 au zaidi. Usitegemee maltimita ya kawaida kupima mawimbi haya. Nyingi husoma vizuri kwenye hezi 50 za umeme wa ukutani, lakini ukipanda kilohezi chache zinaanza kudanganya.

Unganisha betri mfululizo, na pale zinapokutana pawe ndiyo ardhi yako. Sasa una +9, 0 na -9. Waya za TL072 ni hizi:

```
1  tokeo A        8  +9 V
2  ingizo (-) A   7  tokeo B
3  ingizo (+) A   6  ingizo (-) B
4  -9 V           5  ingizo (+) B
```

Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka mguu wa 8 kwenda ardhini na nyingine kutoka mguu wa 4 kwenda ardhini, karibu kabisa na opampu. Amplifaya B hatuitumii kwa sasa, kwa hiyo unga mguu wa 6 na wa 7 pamoja na upeleke wa 5 ardhini. Ukiuacha ukielea, upande huo unaweza kuanza kutetema na kukuharibia vipimo vya upande wa pili.

Hatua ya kwanza: ukuzaji unaamuliwa na rezista mbili

Kutoka mguu wa 1 weka rezista tuiite Rf hadi mguu wa 2. Kutoka mguu wa 2 weka Rg ya omu 100, ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 100 hadi ardhini. Kapasita hiyo inazuia kosa dogo la volti tulivu la opampu, ambalo kwa TL072 ni kama milivolti 3, lisikuzwe pamoja na sauti. Mawimbi yanaingia mguu wa 3.

Rf na Rg zinagawanya volti inayotoka na kurudisha sehemu yake kwenye ingizo la kutoa, yaani mguu wa 2. Sehemu hiyo tunaiita β:

```
β   = Rg / (Rg + Rf)
Acl = A / (1 + A·β)
```

A ni ukuzaji wa opampu yenyewe, na Acl ni ukuzaji tunaoupata baada ya mrejesho. Weka Rf ya kilo 10. β inakuwa 1/101. Ukiweka A ya 200,000, Acl inatoka 100.95. Sasa chukua opampu nyingine ya aina hiyohiyo, iliyo dhaifu, yenye A ya 100,000 tu. Acl inakuwa 100.90. Uwezo wa opampu umepungua nusu nzima, na ukuzaji wa sakiti umesogea sehemu 5 kati ya 10,000. Hapo umeshanunua kitu cha kwanza, ukuzaji usioyumba. Joto likipanda, betri ikichoka, opampu ikibadilishwa, sakiti inaendelea kufuata rezista zako.

Kiasi cha kuangalia ni A·β. Mimi nakiita akiba, kwa sababu ndicho ulichobakiwa nacho baada ya kutoa ukuzaji unaoutumia. Hapa akiba ni 200,000 gawanya kwa 101, yaani karibu 2,000. Kosa lolote linalozaliwa ndani ya mzunguko wa mrejesho linagawanywa kwa akiba jumlisha moja. Shika wazo hili moja, maana hatua zote zinazofuata ni hilohilo.

Ukiwasha na tokeo likakaa karibu na +8 au -8 bila kusogea, kwanza angalia kama umebadilisha mguu wa 2 na wa 3. Mrejesho ukiingia upande wa kujumlisha, kila kinachotoka kinajiongeza hadi kugonga ukuta wa betri.

Hatua ya pili: kununua masafa

Ukuzaji ule wa 200,000 upo kwenye masafa ya chini tu. Ndani ya TL072 kuna kapasita ndogo iliyowekwa kwa makusudi, na kuanzia hezi 15 hivi kwenda juu inapunguza ukuzaji kwa mpangilio rahisi sana: masafa yakizidishwa mara kumi, ukuzaji unagawanywa kwa kumi. Zidisha ukuzaji na masafa popote kwenye mteremko huo na utapata jibu lilelile, karibu megahezi 3. Kwenye hezi 100 kuna ukuzaji wa 30,000, kwenye kilohezi 1 kuna 3,000, kwenye kilohezi 10 kuna 300. (Toleo jipya lenye herufi H mwishoni lina kasi zaidi, kwa hiyo ukiwa nalo namba zako zitakuwa juu ya hizi.)

Sasa tupime. Ili tokeo lisibadilike ukubwa kila tunapobadilisha ukuzaji, tutapunguza mawimbi ya simu kwa kigawanyo kinachofanana na cha mrejesho: kilo 100 kutoka simu hadi mguu wa 3, na rezista ya pili kutoka mguu wa 3 hadi ardhini.

Anza na Rf ya kilo 100. Ukuzaji ni 1,001. Rezista ya pili ya kigawanyo iwe omu 100. Weka toni ya hezi 200 na urekebishe sauti ya simu mpaka tokeo lionyeshe kilele cha volti 0.5. Panda taratibu. Kwenye kilohezi 3 tokeo litakuwa limeshuka hadi 0.35 hivi, na hapo ndipo tunapohesabu kuwa mwisho wa upana wa masafa. Kwenye kilohezi 10 litakuwa limebaki 0.14, kwa sababu pale opampu yenyewe ina 300 tu na wewe unaidai 1,001. Pitisha sauti ya mtu akizungumza badala ya toni, na utasikia herufi s na sh zimefifia kama vile anaongea akiwa amejifunika blanketi.

Badilisha Rf iwe kilo 10, na rezista ya pili ya kigawanyo iwe kilo 1. Ukuzaji sasa ni 101. Kilohezi 10 inatoka ikiwa na volti 0.47 kamili, na mwisho umesogea hadi kilohezi 30, nje ya sikio la binadamu. Kwa Rf ya kilo 1 na kigawanyo cha kilo 10, ukuzaji unashuka hadi 11 na upana unafika kilohezi 270. Simu yako haitafika huko, lakini jenereta ya mawimbi itafika. Kila mara unagawanya megahezi 3 kwa ukuzaji ulioutaka.

Je, kama kweli unahitaji ukuzaji wa elfu moja na sauti kamili? Usiudai kwa opampu moja. Tumia amplifaya zote mbili zilizomo ndani ya TL072, moja ikifuata nyingine, kila moja ikiwa na Rf ya kilo 3.3 na Rg ya omu 100. Kila moja inakuza mara 34, zote kwa pamoja mara 1,156. Kila moja ina upana wa kilohezi 88, na zikifuatana zinabakiwa na kama kilohezi 57. Opampu ileile iliyoishia kilohezi 3 sasa inapita kilohezi 50 kwa gharama ya rezista mbili na kapasita moja. Kwa preampu za maikrofoni, mimi sijengi tena kwa njia nyingine.

Hatua ya tatu: kununua sauti safi

Hapa tunahitaji kitu kibovu ambacho tunaweza kukiona kwa macho. Rudisha Rf ya kilo 1 ili ukuzaji uwe 11, na kwenye kigawanyo weka kilo 10 mbili, maana simu nyingi hazifiki kilele tunachokitaka hapa. Peleka mguu wa 1 kwenye besi za BC337 na BC327 zote mbili. Kolekta ya BC337 iende +9, kolekta ya BC327 iende -9, emita zote mbili ziungwe pamoja, na kutoka hapo rezista ya omu 100 hadi ardhini iwe mzigo wetu. Mrejesho uache pale ulipo, kwenye mguu wa 1. Weka toni ya kilohezi 1 na uongeze mpaka mguu wa 1 uonyeshe kilele cha volti 1.5.

Tazama mzigo kwenye oskiloskopu. Kila wimbi linapopita sifuri linalala chini kwa muda, kisha linaendelea. Transista haifunguki mpaka besi yake ipate kama volti 0.6, kwa hiyo kati ya -0.6 na +0.6 hakuna yeyote anayefanya kazi. Kwa sikio ni mkwaruzo mkavu, na unakera zaidi sauti inapokuwa ndogo, maana wimbi dogo linazama lote humo.

Sasa ng'oa ncha ya Rf kutoka mguu wa 1 na uihamishie pale emita zinapokutana. Usiguse kitu kingine. Wimbi kwenye mzigo linakuwa laini na safi. Halafu hamisha kichokoo cha oskiloskopu kwenye mguu wa 1, na hapa naomba usimame kidogo uangalie, kwa sababu ndipo mimi nilipoelewa jambo hili kwa mara ya kwanza. Mguu wa 1 sasa ndio mbovu. Kila wimbi linapofika sifuri, opampu inaruka ghafla karibu volti 1.2, inavuka lile eneo la wafu, kisha inaendelea. Mrejesho haukuwatengeneza wale transista. Umeilazimisha opampu itoe ubovu wa kinyume chake, na ubovu mbili zinakutana kwenye mzigo na kufutana.

Ruka hilo linachukua muda. TL072 hupanda volti 13 kwa mikrosekunde, kwa hiyo volti 1.2 ni sehemu moja ya kumi ya mikrosekunde. Kwenye kilohezi 1 huoni chochote. Panda hadi kilohezi 10 hadi 20, ukuze picha ya oskiloskopu pale wimbi linapovuka sifuri, na utaona kijikovu kimerudi. Akiba ndiyo inayoeleza: kwenye kilohezi 1 opampu ina 3,000, ukigawanya kwa 11 unabakiwa na akiba ya 270. Kwenye kilohezi 10 imebaki 27. Na ndani ya lile eneo la wafu penyewe hali ni mbaya zaidi, kwa sababu transista zote zimefungwa, hakuna kinachofika kwenye mzigo, na mzunguko wa mrejesho umekatika kwa muda. Huwezi kurekebishwa na kitu ambacho kwa wakati huo hakikuoni.

Kwa hiyo dawa ya kweli ni kupunguza ubovu kwanza, kisha kuuachia mrejesho kazi ya kumalizia. Tenganisha besi mbili. Kutoka mguu wa 1 weka 1N4148 moja kwenda besi ya BC337 ikiwa anodi iko upande wa besi, na nyingine kwenda besi ya BC327 ikiwa katodi iko upande wa besi. Weka kilo 4.7 kutoka +9 hadi besi ya BC337, na kilo 4.7 nyingine kutoka -9 hadi besi ya BC327. Kwenye kila emita ongeza omu 10 kabla hazijakutana, na ncha ya Rf ibaki pale zinapokutana. Omu hizo 10 zisiachwe, maana bila hizo transista zikipata joto zinavuta mkondo zaidi, zinazidi kupata joto, na mwishowe zinaungua. Angalia mguu wa 1 tena: lile ruka limebaki kivuli tu, na kijikovu cha kilohezi 20 kimetoweka.

Kuna mambo mawili ambayo akiba haiwezi kuyanunua hata iwe kubwa kiasi gani. Wimbi likigonga kikomo cha betri, linakatwa kichwa, na mrejesho utaongeza makali ya pembe zake badala ya kuyalainisha. Na mchachato wa usuli unaotoka kwenye ingizo la opampu hauondoki, kwa sababu umeingia mlango uleule wa sauti na unakuzwa sawa nayo.

Hatua ya nne: pale mrejesho unapogeuka

Hadi hapa nimetumia neno uthabiti kwa maana ya ukuzaji usioyumba. Kuna uthabiti wa pili, wa amplifaya kutokupiga mluzi yenyewe, na huu mrejesho hauununui. Unauhatarisha.

Mawimbi yanapopita kwenye amplifaya huchelewa. Ile kapasita ya ndani huchelewesha kwa digrii 90. Kitu kingine kikiongeza digrii 90 nyingine, jumla ni 180, na kilichokuwa kinarudi ili kutoa sasa kinarudi kujumlisha. Kama kwenye masafa hayo akiba bado ni moja au zaidi, sakiti inajilisha yenyewe na kutetema bila kukoma.

Kitu hicho kingine mara nyingi ni waya. Kebo ya sauti ina kama pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo mita 10 ni nanofaradi 1. Mwanzoni mwa kazi hii nilipoteza siku mbili kwa kisanduku kilichofanya kazi vizuri mezani na kuvuruga kila nilipokifunga ukumbini. Nilibadilisha opampu tatu. Tatizo lilikuwa kebo ndefu.

Lione mwenyewe. Ondoa transista na Rg pamoja na kapasita yake, unga mguu wa 1 na wa 2 kwa waya ili ukuzaji uwe 1. Ingiza wimbi la mraba la kilohezi 10 lenye kimo cha milivolti 100, kutoka jenereta au kutoka NE555 kupitia kigawanyo. Kona za tokeo zitakuwa nadhifu. Sasa weka nanofaradi 1 kutoka mguu wa 1 hadi ardhini. Kila kona inaruka juu ya kimo chake na kuchezacheza mara kadhaa kabla ya kutulia, kama kamba ya gitaa iliyoguswa. Ukubwa wa kule kuruka ndio kipimo chako. Ikiruka asilimia 10 bado uko salama. Ikifika robo ya kimo, umebakiwa na kama digrii 45 tu kabla ya mluzi, na kebo ndefu kidogo itazimaliza.

Rudisha Rf ya kilo 1 na Rg ya omu 100 pamoja na kapasita yake, huku nanofaradi 1 ikiwa palepale, na upunguze ingizo. Kuchezacheza kumekwisha. Kwa ukuzaji wa 11 akiba inaisha kwenye kilohezi 270, mbali na pale kebo inapoanza kuchelewesha mawimbi. Kwa ukuzaji wa 1, akiba inaendelea hadi karibu megahezi 3, na humo njiani inakutana na kebo. Wengi hudhani ukuzaji mdogo ndio mpole, kumbe ukuzaji wa 1 ndio mtihani mgumu kuliko yote, kwa sababu mrejesho wote unarudi.

Usipokuwa na oskiloskopu ya kutosha, washa redio ndogo ya AM karibu na sakiti. Vurugu au mvumo unaobadilika ukigusa kebo ni dalili. Pima pia mkondo kutoka betri bila mawimbi yoyote. TL072 peke yake huvuta kama miliampea 3. Ukikuta mara kadhaa ya hizo na opampu ina joto, inatetema hata kama husikii kitu.

Dawa ni rezista ya omu 100 kati ya mguu wa 1 na kebo, huku mrejesho ukiendelea kuchukuliwa kwenye mguu wa 1 wenyewe, kabla ya rezista. Rudi kwenye ukuzaji wa 1, iweke, na upeleke nanofaradi 1 upande wa pili wa rezista hiyo. Kona zinatulia. Kisha ongeza hadi nanofaradi 10, sawa na kebo ya mita 100, na uangalie mguu wa 1: kona hazirukiruki tena, ila upande wa kebo zimelainika kidogo kwa sababu omu 100 na nanofaradi 10 zinaishia kilohezi 160.